Alichukua mia nane, nami nikaituma video yake

SWALI: Assalamu alaikum, ustadh. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Langoni, Lamu. Kijana mmoja muuza duka mtaani kwetu alichukua shilingi 800 kwenye sanduku la mauzo. Tajiri wake alimwita, akakiri, akazirudisha siku ile ile, na tajiri akamsamehe. Lakini kuna aliyemrekodi akilia na kuomba radhi, na video ikaingia kwenye makundi ya WhatsApp. Mimi niliituma kwenye kundi la jamaa zetu na kwenye kundi la chama chetu cha akina mama. Sasa kijana hatoki ndani, msikitini haonekani, na posa yake imevunjika. Wengine wanasema ni haki yake, kwani si kweli alichukua? Je, nina dhambi na hali nilichotuma ni kweli? Na nifanyeje?

JIBU: Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Video hiyo mimi pia niliiona, mwanangu, ingawa sikuitafuta. Nilikuwa ndani ya boti natoka Mokowe, na kijana aliyekaa ubavuni mwangu akanisogezea simu huku anacheka: "Ustadh, hebu tazama." Nikatazama kama sekunde kumi kabla sijajua natazama nini. Niliona kijana amekaa juu ya gunia la mchele, anajifuta uso kwa upindo wa shati, na mtu asiyeonekana anamwambia arudie kusema alichofanya kwa sababu mara ya kwanza hakusikika vizuri. Juu ya ujumbe palikuwa na ile mishale miwili ya kuonyesha kwamba umeshasambazwa mara nyingi. Nikamrudishia simu yake. Zile sekunde kumi nami nazitakia maghufira.

Nianze na hilo la kusema "ni kweli", maana ndilo linalowadanganya wengi. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume (s.a.w.) aliwauliza masahaba kama wanajua kusengenya ni nini, kisha akawaambia: ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia. Mmoja akauliza swali hili hili lako: je, kama hilo ninalolisema ndugu yangu analo? Akajibiwa: kama analo, umemsengenya, na kama hana, umemzulia. Basi ona mwanangu, ukweli hautoi jambo kwenye usengenyaji. Ukweli ndio unaolifanya liwe usengenyaji, na bila huo lingekuwa uzushi, ambao ni mzito zaidi. Wewe umesalimika na uzushi tu.

Wala usiseme kwamba hukutamka neno, ulibonyeza tu. Wanachuoni wamesema kusengenya si kwa ulimi peke yake, bali hata kwa ishara, kwa kuiga mwendo wa mtu na kwa maandishi. Bibi Aisha (r.a.) alitaja ufupi wa mwenzake, Bibi Safiyya, na Mtume akamwambia amesema neno ambalo lingechanganywa na maji ya bahari lingeyageuza. Sisi watu wa kisiwa tunajua bahari ni maji mengi kiasi gani. Na lile lilikuwa neno moja, lililosemwa nyumbani, kwa msikilizaji mmoja.

Sasa tuje kwa wanaosema ni haki yake. Haki ina kipimo, basi tuipime. Tuchukulie kijana huyu amepelekwa mbele ya kadhi mwenye mamlaka kamili ya sheria, tuone angetoka na nini.

Wizi unaoleta adhabu ya kukatwa una kiwango. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Bibi Aisha kwamba hakatwi mtu ila kwa robo dinari kwenda juu, nayo ni kama gramu moja na kidogo ya dhahabu. Sonara yeyote atakwambia shilingi 800 hazifiki hapo. Na hata zingefika, huyu si aliyevunja mlango. Sanduku alikabidhiwa yeye mwenyewe, na anayechukua alichoaminiwa fiqhi inamwita khaini, si mwizi. Kuna hadithi kwa Abu Daud na Tirmidhi kwamba khaini hakatwi. Kosa ni kosa, hapo sibishani, lakini limeshatoka kwenye mlango wa hadi, yaani adhabu iliyowekwa na sheria yenyewe, na kuingia mlango wa taaziri, yaani adabu ambayo kadhi huikadiria. Nayo haikuachwa wazi. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba asichapwe mtu zaidi ya viboko kumi ila katika hadi miongoni mwa hadi za Mwenyezi Mungu. Wanachuoni wametofautiana katika kuifahamu, na imepokewa kwamba Imam Ahmad aliichukua kama ilivyo.

Huko kote ni kabla ya kufika kwenye msamaha. Safwan bin Umayya aliibiwa shuka lake, mwizi akashikwa na kupelekwa kwa Mtume, na hukumu ikatolewa. Safwan akaona uzito wake, akasema amemsamehe. Mtume akamuuliza: mbona hukufanya hivyo kabla hujamleta kwangu? Yaani mlango wa kulimaliza jambo baina ya wawili ulikuwa wazi mpaka pale lilipofika kwa mtawala. La kijana wako halikufika kwa yeyote. Lilifika kwa mwenye mali, pesa zikarudi, na mwenye mali akasamehe. Baada ya hapo kilichobaki ni baina yake na Mola wake. Kama ni daftari, lilifungwa palepale dukani.

Najua atatokea mtu mwenye kusoma kidogo aseme: lakini ustadh, si kuna adhabu ya kumtangaza mtu? Ipo, na huitwa tashhiri. Imepokewa kwamba Shuraih, kadhi wa Kufa, alipomthibitisha mtu kuwa shahidi wa uongo, akiwa ni mtu wa soko alimpeleka kwa watu wa soko lake, na kama si mtu wa soko alimpeleka kwa watu wake. Mjumbe wake akawaambia kwamba Shuraih anawasalimu, na kwamba mtu huyu tumemkuta ni shahidi wa uongo, basi tahadharini naye. Itazame vizuri adhabu hiyo. Aliyeitoa ni kadhi, baada ya kuthibitisha, na kosa lenyewe ni la hadharani, ambalo watu wangeendelea kudhurika nalo wasipoambiwa. Waliosikia ni watu wa soko moja. Tangazo likasemwa, mjumbe akaenda zake. Je, video yako ina mwisho upi? Aliyetengwa Kufa angeweza kuhamia mji mwingine akaanza upya. Kijana huyu akivuka kwenda Malindi leo, video imeshafika Malindi kabla yake.

Na kadhi mwenyewe ni nani hapa? Kwa Katiba ya Kenya ya 2010, kadhi wetu ana mamlaka ya mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kwa Waislamu wanaokubali kuhukumiwa kwake. Ya jinai hana. Sasa kama aliyesomea na kuapishwa hana ruhusa ya kumwadhibu mwizi wa mia nane, hicho kiti wanachama wa kundi la jamaa wamekipata wapi?

Kuna jambo jingine ambalo kila nikilisoma hunisimamisha. Bukhari amepokea kwamba aliletwa mlevi, Mtume akaamrisha apigwe, watu wakampiga, huyu kwa mkono, huyu kwa kiatu, huyu kwa nguo yake. Alipoondoka mmoja akasema: Mungu akuhizi. Mtume akasema: msiseme hivyo, msimsaidie shetani juu yake. Adhabu ilikuwa ya haki, imethibiti, imetekelezwa, na neno moja la ziada likakataliwa. Kijana wako haonekani msikitini. Usiniulize shetani amesaidiwa vipi.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, umekosa. Na kwa kuwa ni haki ya mja, istighfari peke yake haitoshi. Toba ya haki ya mja ina sharti la nne juu ya yale matatu ya kuacha, kujuta na kuazimia kutorudi, nalo ni kumrudishia mwenyewe haki yake.

Anza kwenye simu. Fungua makundi yale mawili. Ikiwa hazijapita siku mbili na nusu hivi tangu ulipotuma, simu itakupa nafasi ya kufuta kwa wote. Unaweza pia kumwomba anayesimamia kundi, maana yeye anaweza kuifuta hata ikiwa imetumwa na mwingine. Lakini usijidanganye, kufuta hakuziondoi zilizokwisha kuhifadhiwa wala zilizotumwa mbele. Kwa hiyo rudi njia ile ile uliyopitia. Waambie kwenye kundi kwa maneno machache kwamba ulituma kitu ambacho hukuwa na haki ya kukituma, na unaomba aliyenacho akifute na aliyekisambaza awaambie aliowapelekea. Usimtaje jina kijana, wala usieleze kisa upya. Nimeona watu wakiomba radhi kwa maneno mengi mpaka aliyekuwa hajui akajua.

Kisha nenda kwa mwenyewe. Wanachuoni wana maneno marefu kama aliyesengenywa ambaye hajui ni lazima aambiwe, na wengi wamesema asiambiwe ikiwa kumwambia kutamzidishia machungu, bali aombewe dua na atajwe kwa wema pale alipotajwa kwa ubaya. Lakini huyu anajua. Basi usijifiche nyuma ya khilafu hiyo. Nenda na mumeo au na mama mmoja mtu mzima, mpitie kwa mama yake, na mwambie wazi: mimi ni mmoja wa waliotuma, nisamehe. Ana haki ya kukataa, na akikataa usimng'ang'anie wala usimlaumu kwa watu.

Limebaki la posa. Huenda utaulizwa, maana watu wakitaka kuozana huuliza majirani. Hapo sheria haikuambii unyamaze. Fatima binti Qais alipochumbiwa na Muawiya na Abu Jahm alimtaka ushauri Mtume, akaambiwa Muawiya ni maskini hana mali, na Abu Jahm haishushi fimbo yake kutoka begani, yaani ni mwepesi wa kupiga. Aibu hizo ziliambiwa sikio lililohitaji, kwa kadiri ya haja. Tajiri mwingine akitaka kumkabidhi kijana huyu sanduku naye ana haki hiyo hiyo ya kujibiwa kweli. Basi baba wa yule binti akija kwako, mwambie unachokijua, lakini chote. Mwambie na kwamba kijana alizirudisha siku ile ile, akasamehewa na mwenye mali, kwa sababu hilo kwenye video halimo.

Wallahu aalam.