Baba anasoma Msahafu vizuri, vipi aambiwe ana glakoma?

Swali

Assalaam alaykum daktari. Sisi tupo Wete. Baba yangu ana miaka 57. Mwezi uliopita nilimpeleka kupimwa miwani, akasoma herufi zote mpaka mstari wa chini. Lakini akaambiwa ana glakoma: presha ya jicho la kulia 26, la kushoto 23, na mshipa umeshaharibika, 0.8 kulia na 0.6 kushoto. Akapewa matone ya timololi, asubuhi na jioni. Ametumia wiki tatu akaacha. Anasema hajaumwa hata siku moja, Msahafu anausoma, na dawa haikumzidishia kuona. Vipimo havikukosewa? Na mimi mwanawe, mwenye miaka 35, nipimwe?

Jibu

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Vipimo vya mzee havipingani. Ubao wa herufi hupima kitovu cha kuona tu, pale mtu anapokaza macho. Glakoma haianzii hapo, na mara nyingi kitovu hicho ndicho cha mwisho kuguswa.

Sehemu ya mbele ya jicho ina maji maangavu ambayo si machozi. Hutengenezwa ndani mchana na usiku, na hutoka kwa njia nyembamba sana iliyopo ukingoni, pale sehemu yenye rangi inapokutana na kioo cha mbele cha jicho. Njia hiyo ikiwa nzito, maji yanaendelea kutengenezwa lakini hayatoki kwa kasi ile ile, na presha ndani ya jicho inapanda. Kwa watu wengi huwa baina ya 10 na 21. Presha hii si ile ya damu: mtu anaweza kupimwa mkono akaambiwa yuko sawa, na jicho lake liko kwenye 30.

Nyuma ya jicho, nyuzi za fahamu zipatazo milioni moja hukusanyika zikawa mshipa mmoja, na kutoka pamoja kuelekea kwenye ubongo. Hupita katika kibamba laini chenye matundu mfano wa chujio. Presha inapokisukuma, kibamba hupinda, nyuzi hubanwa, na chakula kinachosafiri ndani yake hukwama. Uzi ukifa hauoti mwengine. Na kwa kuwa unakufa mmoja mmoja kwa miaka, bila ya wekundu wala maumivu, mwenyewe hana kinachomshitua.

Zile 0.8 na 0.6 ndizo zinazonishughulisha zaidi kuliko presha. Daktari akimulika nyuma ya jicho huona kichwa cha mshipa, duara lenye kishimo katikati. Kwa wengi kishimo huchukua takriban 0.3 ya upana wa duara. Nyuzi zikifa, ukingo hupungua na kishimo hutanuka. Wapo waliozaliwa na kishimo kikubwa na hawana maradhi, ndiyo maana namba moja peke yake haitoshi. Lakini kwa mzee macho mawili yanatofautiana kwa 0.2, na lililoharibika zaidi ndilo lenye presha kubwa zaidi. Mambo hayo mawili yakikutana, sioni nafasi kubwa ya kosa.

Kwa nini basi haoni upungufu? Nyuzi zinazotangulia kufa mara nyingi ni za juu na za chini ya mshipa, na pengo linalotokea huzunguka kitovu cha kuona bila ya kukigusa. Jicho la pili huziba pengo la mwenziwe. Lisipoweza, ubongo hujaza kwa kilichopo jirani, kwa hivyo mtu haoni kiza wala doa jeusi. Vitu tu havipo, mpaka vitokee ghafla. Muulizeni kwa upole: hajikwai kwenye ngazi za msikitini? Bodaboda hazimtokei ubavuni bila ya kuziona zikija? Akisema hapana, msitulie kwa hilo, maana dalili hizo huja wakati maradhi yameshakwenda mbali.

Kipimo ambacho hukukitaja, na ambacho lazima akipate, ni cha upana wa kuona. Mtu hutazama nukta moja ndani ya mashine, jicho moja moja, na hubonyeza kitufe kila aonapo mwanga mdogo pembeni. Mara ya kwanza wengi hukosea kwa kutokuzoea, kwa hivyo hurudiwa. Ulizeni katika kliniki ya macho Chake Chake, na kama mashine haipatikani, ombeni barua ya kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Karatasi ya kipimo hicho muihifadhi, kwani ya mwakani italinganishwa nayo.

Sasa matone. Mzee amesema kweli, hayakumzidishia kuona, na hayatamzidishia. Huyu si mtoto wa jicho, ambaye akitolewa nuru hurudi. Kazi ya matone ni kulinda nyuzi zilizobaki, na faida yake huonekana kwenye kipimo cha presha. Kutoka 26, daktari angetaka ishuke angalau kufikia 18, na kwa mshipa wa 0.8 mimi ningependa ikaribie 15. Alipoacha, nguvu ya dawa iliisha ndani ya wiki chache na presha hurudi ilipokuwa. Arudi akapimwe upya, kisha tena baada ya mwezi mmoja hivi wa kutumia dawa bila ya kukatiza.

Kabla ya kuanza tena, mumueleze daktari kama ana pumu au mapigo ya moyo ya polepole. Timololi ni ya jicho, lakini hushuka puani, huingia kwenye damu, na inaweza kuamsha pumu kwa nguvu. Atie tone moja tu, afumbe jicho, na abonyeze kwa kidole pembe ya jicho iliyo upande wa pua kwa dakika mbili. Hapo dawa hubaki jichoni. Ramadhani wengi huacha kwa kuogopa kufungua, ilhali katika madhehebu ya Shafi tone la jicho halibatilishi saumu. Mwenye wasiwasi anaweza kutia wakati wa futari na wakati wa daku, masafa yanakaribia kulingana. Matone yakimshinda, kuna dawa za tone moja usiku, kuna miale ya leza, na kuna upasuaji wa kuyafungulia maji njia mpya. Achague pamoja na daktari wake, lakini asikae bila ya chochote.

Wewe upimwe, na usingoje kufika 40. Glakoma hufuata damu, na kwetu Waafrika huja mapema zaidi na huharibu haraka zaidi. Ndugu wa baba wa tumbo moja nao wapimwe. Ila usikubali kupimwa presha tu ukaambiwa nenda. Presha ya jicho hupanda na kushuka kwa siku moja, na kioo cha mbele kikiwa chembamba, jambo la kawaida kwetu, mashine husoma chini kuliko ilivyo. Wapo wenye glakoma na presha yao ni 17. Mwambie daktari wazi kwamba baba ana glakoma na unaomba mshipa uangaliwe. Ukikutwa salama, rudi kila mwaka au miaka miwili.

Na kama kuna mtu nyumbani anayejinunulia dawa ya macho yanayowasha, soma kichupa. Kikiwa na deksamethasoni au prednisoloni, asiendelee kuitumia mwenyewe bila ya daktari: dawa hizo, kwa baadhi ya watu, hupandisha presha ya jicho kimya kimya ndani ya wiki chache, watoto wa skuli wakiwemo.