Asilimia ya kosa kwenye g: 0.9 au 28?

"Wakuu, tuko maabara hapa Temeke, jaribio la pendulamu. L = 50.0 ± 0.1 sm, mibembeo 20 kwa sekunde 28.4 ± 0.2. Nimepata kosa la asilimia 0.9, mwenzangu 28. Nani yuko sahihi?"

Hakuna, jibu ni asilimia 1.6. Mchangiaji aliyesema hapo juu kwamba asilimia za makosa hujumlishwa kapatia nusu: ni kweli, hata kwenye kugawanya zinajumlishwa, hazitoani. Ila g = 4π²L/T², na T, muda wa mbembeo mmoja, ina kipeo cha 2, kwa hiyo asilimia yake inahesabiwa mara mbili. L inatoa 0.1/50.0, yaani asilimia 0.2. Muda unatoa 0.2/28.4, yaani asilimia 0.7, mara mbili ni 1.4; wewe hukuzidisha, ndiyo maana ukapata 0.9. Hiyo 4π² haina kosa, iache.

Mwenzako kagawa 28.4 kwa 20 akapata T = 1.42, halafu akaacha ± 0.2 ilivyo. Kosa nalo linagawanywa kwa 20, linakuwa ± 0.01. Ndiyo maana tunahesabu mibembeo mingi!

g inatoka 9.79, asilimia 1.6 yake ni 0.16, basi andika 9.8 ± 0.2 m/s².

Na aliyeuliza kosa la kipenyo cha waya linaingiaje kwenye eneo lake: kipenyo nacho kina kipeo cha 2, fanya vivyo hivyo. Chuoni wengine hujumlisha miraba ya asilimia kisha kutafuta kipeuo, hapo utapata 1.4. Angalia mwongozo wa jaribio lako unataka ipi.