Projesteroni ya siku ya 21 imekuja ndogo, je kweli yai halitoki?

SWALI: Dokta habari za kazi, naomba unisomee hii barua kabla sijaipeleka kliniki mpya. Nina miaka 31, tunatafuta mtoto mwezi wa 9 huu. Mizunguko yangu sita ya mwisho ni siku 33, 35, 32, 36, 34 na 34. Stripu za ovulesheni napima asubuhi nikiamka, mstari wa pili unaonekana hafifu toka siku ya 12 mpaka ya 18 kwa hiyo sijui yai linatoka lini, ila mzunguko uliopita siku ya 19 nilipima jioni ukakolea kabisa kama ule wa kwanza. Joto la asubuhi lilikuwa 36.2 mpaka 36.4, siku ya 21 likawa 36.6 halafu 36.7, 36.8 mpaka siku ya 34 likashuka, kesho yake nikaona siku zangu. Siku ya 9 peke yake ilikuwa 36.9. Tunakutana siku ya 12 hadi 14 maana ndo apu inavyosema, na tena joto likipanda. Kliniki ya kwanza walinipima projesteroni siku ya 21 ikaja 1.4, wakasema yai halitoki, wakaniandikia klomifeni. Nianze dawa? Na barua imekaa sawa?

JIBU: Dada yangu, klomifeni usiianze kwanza, iweke kabatini mpaka kipimo kirudiwe, na rudi kwa aliyekuandikia au huko kliniki mpya umwambie hili ninalokuelezea hapa, maana mimi nikiangalia chati yako naona yai limetoka, na limetoka mwezi uleule waliosema halitoki.

Nianze na hiyo projesteroni maana ndo imekuvuruga. Yai likishatoka, kile kifuko lilimokuwa hakipotei, kinabaki kwenye ovari na kinaanza kutengeneza projesteroni, kidogokidogo siku za mwanzo halafu inaongezeka mpaka inafika juu kama siku ya 7 tangu yai litoke, baada ya hapo kama mimba haijashika inashuka na damu inakuja. Sasa hiyo "siku ya 21" imetoka wapi? Imetoka kwa mwanamke wa mzunguko wa siku 28, yule yai lake linatoka karibu na siku ya 14, ukiongeza 7 unapata 21, basi watu wakazoea kuandika siku ya 21 kwenye fomu ya kila mtu. Wewe mzunguko wako ulikuwa wa siku 34. Stripu imekolea siku ya 19 jioni, na kwa kawaida yai linatoka ndani ya saa 24 hadi 36 hivi tangu LH, ile homoni ya kutoa yai inayopimwa na stripu, ianze kupanda, joto likapanda siku ya 21, kwa hiyo yai lako lilitoka kama siku ya 20. Manake damu walikutoa siku moja tu baada ya yai kutoka, wakati kile kifuko ndo kwanza kinaanza kazi. Hapo 1.4 ni namba ya kawaida kabisa, isingekuwa kubwa kwa mtu yeyote siku kama hiyo.

Siku yako ilikuwa ya 27. Unaweza kuipata kwa njia mbili na kwako zote zimekutana: chukua 34 toa 7, au chukua siku yai lilipotoka, 20, ongeza 7. Ile ya kutoa 7 ina shida kwamba mzunguko unaoendelea hujui utaishia siku ya 32 au ya 36, kwa hiyo wewe tumia stripu, hesabu siku 8 toka siku ya kwanza stripu ilipokolea ndo uende maabara. Ukishachukuliwa damu usitupe tarehe, ukiona siku zako hesabu kurudi nyuma, kama damu ya hedhi imekuja kati ya siku 5 na 9 baada ya kipimo basi kipimo kilikaa mahali pake, kama imekuja baada ya wiki mbili basi walikupima mapema na hiyo namba haina maana, kama hivi ilivyokuwa safari hii.

Haya, stripu. Hapa wengi wanachanganya kwa sababu wamezoea kipimo cha mimba, kule mstari wa pili hata uwe hafifu kama kivuli ni jibu la ndiyo. Huku sivyo. LH iko mwilini mwako kila siku kwa kiasi kidogo, kwa hiyo mstari hafifu siku ya 12, 13, 14 ni LH ya kila siku tu, haujasema kitu. Jibu la ndiyo ni pale mstari wa kipimo, ule wa T, unapokuwa sawa na wa C au kuuzidi kukolea. Ziweke stripu zako za mwezi mzima kwenye karatasi moja, uzibandike kwa mpangilio na tarehe pembeni, utaona zenyewe, zinapanda rangi taratibu, siku moja mstari unakolea ghafla, kesho yake au keshokutwa unafifia. Ila soma ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye paketi, ikishakauka mstari unaweza kubadilika ukakudanganya, bora upige picha palepale.

Na saa ya kupima, hilo nalo limekuponza. LH mara nyingi inaanza kupanda kwenye damu alfajiri, kwenye mkojo inachelewa kuonekana, ndo maana asubuhi unaona hafifu halafu jioni ileile inawaka. Pima mchana au jioni, saa ileile kila siku, masaa mawili kabla usinywe maji mengi maana mkojo ukiwa mwepesi unafifisha mstari. Na kwa mizunguko yako anza siku ya 13, huna haja ya kuanza mapema zaidi ya hapo. Ukifika siku ya 17 pima mara mbili, mchana na jioni, kwa sababu kupanda kwa LH kwa baadhi ya wanawake kunakaa muda mfupi mpaka unaweza kuukosa.

Joto nalo lisome kwa kazi yake. Linapanda kwa sababu ya projesteroni, na projesteroni inakuja baada ya yai, kwa hiyo ukiona 36.6 yai limeshatoka jana au juzi, na yai likishatoka linaishi kama saa 12 hadi 24 tu. Ndo maana hapa nimeumia kidogo nikisoma barua yako, maana mmekuwa mkikutana siku ya 12 hadi 14 halafu tena joto likipanda, yani mnafika mapema mno halafu mnarudi mlango umeshafungwa. Siku za kushika mimba ni sita, tano kabla ya yai na siku yenyewe, kwa sababu mbegu zinaweza kukaa hai mpaka siku tano zikisubiri, na zenye nguvu kuliko zote ni zile mbili za mwisho kabla ya yai na siku ya yai. Mwezi uliopita kwako ilikuwa siku ya 15 hadi 20. Mizunguko yako mingine, ukitoa kama siku 14 za mwisho, yai linaangukia siku ya 18 mpaka 22, kwa hiyo siku yenu ya 14 imegusa ukingoni mara chache, miezi mingine haikugusa kabisa. Miezi 9 kwenye kalenda ni mingi, lakini miezi ambayo mbegu na yai walipata nafasi ya kukutana ni michache mno, na daktari mpya lazima alijue hilo kabla hajasema una tatizo. Apu imekuwekea siku ya 14 kwa sababu ya ile 28 tena, ingiza urefu wako wa kweli au achana nayo. Kuanzia sasa kutaneni kila baada ya siku moja toka siku ya 13, stripu ikikolea mkutane siku hiyo na kesho yake.

Ile 36.9 ya siku ya 9 usiifute, izungushie duara uandike sababu kama unaikumbuka, homa, pombe, kuamka usiku, kulala chini ya masaa matatu, au ulishaenda chooni ukarudi ndo ukapima. Siku moja peke yake haina neno. Tunachotafuta ni siku tatu mfululizo zilizo juu ya zile sita zilizopita, na wewe unazo, tena zimekaa juu siku 13 kabla ya kushuka, hiyo ni nzuri.

Barua yako yenyewe ni ndefu na mambo yamechanganyika, daktari ana dakika chache na wewe, ataisoma nusu. Mimi ningeiandika hivi:

"Nina miaka 31, tunatafuta mtoto miezi 9, sijawahi kushika mimba. Mizunguko sita ya mwisho: 33, 35, 32, 36, 34, 34. Mzunguko wa mwisho: stripu ilikolea siku ya 19 jioni, joto lilikuwa 36.2 hadi 36.4 likapanda siku ya 21 likakaa 36.6 hadi 36.8 mpaka siku ya 33, hedhi ikaja baada ya siku 34. Projesteroni ilipimwa siku ya 21, ikawa 1.4, naomba irudiwe siku 7 baada ya yai kutoka. Nimeandikiwa klomifeni, sijaianza. Tulikuwa tunakutana siku ya 12 hadi 14 na baada ya joto kupanda. Mume wangu hajapimwa."

Hapo kwenye kushika mimba na mume rekebisha kama si hivyo, hukuniambia. Utaona nimeandika joto mpaka siku ya 33, kwa sababu ya 34 umesema lilishashuka. Halafu ambatanisha chati moja na ile karatasi ya stripu, mizunguko mingine namba zinatosha.

Kuhusu mume, apime shahawa sasa hivi, asisubiri wewe umalize vipimo vyako. Anakaa bila kumwaga siku 2 mpaka 7, si pungufu si zaidi, sampuli inafika maabara bado ina joto la mwili. Stripu na joto havijui chochote kuhusu mbegu zake wala kuhusu mirija yako, kama uliwahi kupata maambukizi ya nyonga au kufanyiwa upasuaji wa tumbo liandike kwenye barua, hapo picha ya mirija inaombwa mapema bila kusubiri mwaka uishe.

Jibu la siku ya 27 likija juu ya 3, kwa kipimo hichohicho cha nanogramu kwa mililita, basi yai linatoka na klomifeni haina kazi ya kukufanyia, hiyo ni dawa ya wasiotoa yai, inaleta mawimbi ya joto, wengine inawakaushia ute, na inaongeza mapacha. Likija chini ya 3 na siku ilikuwa sahihi, usikate shauri kwa namba moja, projesteroni inatoka kwa mafungu na inaweza kupanda na kushuka ndani ya masaa machache, rudia mzunguko unaofuata, na nenda na chati yako mkononi.