Mteja akilipa mara mbili: kwa karani mpya wa hesabu

Jioni utalinganisha mauzo ya duka na stetimenti ya Lipa na M-Pesa. Siku moja utakuta pesa zilizoingia zimezidi mauzo, tuseme kwa shilingi 18,400. Kabla ya kujumlisha upya, tafuta kama siku hiyo kuna risiti moja ya kiasi hichohicho. Hapa ipo: mabati 16 kwa shilingi 1,150 kila moja.

Rudi kwenye stetimenti. Saa nne na dakika 12 asubuhi 18,400 ziliingia, na dakika nne baadaye zikaingia tena kutoka namba ileile. Mara nyingi sababu ni kwamba ujumbe wa uthibitisho umechelewa na mteja amedhani malipo hayakupita. Angalia namba za muamala, zile herufi na tarakimu kumi. Zikiwa mbili tofauti, amelipa mara mbili. Ikiwa ni moja, basi ni muamala uleule uliojitokeza mara mbili, na hakuna ziada yoyote.

Hata zikiwa mbili, pitia oda zake ambazo hazijalipwa. Fundi aliyemtuma kijana dukani huenda anaagiza mzigo wa pili uleule. Kisha hakikisha jambo ambalo wengi hulisahau: je, mteja mwenyewe ameshaomba pesa zirudishwe kwa kupeleka ule ujumbe wa uthibitisho kwenye namba 456 ya Safaricom? Ukimtumia na ombi lake nalo likapita, duka ndilo litakuwa limelipa mara mbili, na kuzidai tena ni shughuli.

Pesa zirudi kwenye namba iliyolipa. Mtu akipiga simu akitaka zitumwe kwa "namba ya mke wangu", kataa kwa upole. Angalia pia salio: kama pesa za mauzo zimeshahamishiwa benki, salio lililobaki huenda halitoshi, ombi likwame mpaka pesa nyingine ziingie.

Tarehe ndiyo inayoleta maneno. Muulize mwenye idhini kwanza, ndipo umpe mteja siku. Mimi humwandikia hivi:

"Habari mama. Jumanne tulipolinganisha hesabu tuliona umelipia mabati mara mbili, 18,400 saa 4:12 na tena saa 4:16 asubuhi. Malipo ya kwanza yamehesabiwa. Ya pili tutakurudishia yote kwenye namba hii uliyolipia, kabla ya Alhamisi saa kumi jioni. Gharama ya kutuma ni yetu. Kama umeshaomba M-Pesa wakurudishie, tafadhali tujulishe leo."

Neno "hivi karibuni" liepuke. Mteja atapiga simu kila asubuhi, na ana haki.

Daftarini, hizo 18,400 za pili usiziandike kama mauzo wala usizifute. Ziandike kama deni la duka kwa mteja huyo, na zikirudi andika namba ya muamala wa kurudisha kando ya ile iliyoingia.