Glavu na vidonge vya methotreksati kwa mlezi mjamzito

"Mama mkwe anameza methotreksati kila Jumapili kwa ajili ya baridi yabisi, na mimi nina mimba ya miezi minne. Je, nikivaa glavu inatosha?"

Dada, dawa hii inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo ni afadhali mtu mwingine aishughulikie, au mama mkwe mwenyewe, kama vidole vyake vinamruhusu, amimine vidonge kwenye kifuniko cha chupa na kuvitia mdomoni. Ikikulazimu kuvishika, vaa glavu za naitraili, zivue kwa kuzigeuza ndani nje, kisha unawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa maana kitakasa mikono hakiiondoi dawa. Kidonge kisikatwe wala kusagwa, kwani vumbi lake huingia puani, na hapo glavu hazisaidii kitu. Akishindwa kumeza, muulizeni mfamasia. Kwa saa 48 hivi baada ya dozi, mkojo na matapishi yake yachukuliwe kuwa yana dawa: shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake, mara mbili, na mtu asiye mjamzito. Ukishika kidonge kwa bahati mbaya, nawa papo hapo, kisha umweleze mkunga wako.