Kugawa faili za VAT bila kumlundikia yule yule

Kama umepandishwa kuwa msimamizi katika ofisi ya uhasibu hapa Dar, mtihani wako wa kwanza utakuja kati ya tarehe 10 na 20. Ritani ya VAT ya mwezi uliopita inatakiwa TRA ifikapo tarehe 20, na wateja wengi, hasa wa Kariakoo, huleta risiti wiki hiyo hiyo. Ndipo utakapomgeukia yule dada ambaye faili lake halirudi na makosa. Kila msimamizi mpya humgeukia. Nimesimamia timu za namna hii muda wa kutosha kujua kwamba madhara yake hayaonekani mwezi wa kwanza. Yanaonekana dada huyo anapougua tarehe 17, au anapoandika barua ya kuacha kazi, ndipo unagundua faili nusu za ofisi ziko kichwani mwake.

Nitaeleza kwa mfano mmoja. Timu ina watu wanne na wateja 24. Kwenye karatasi kila mmoja ana faili sita, na ukimwonyesha bosi atasema mgawanyo ni wa haki. Lakini faili hazilingani. Duka la vyombo lenye mashine moja ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, linaweza kumalizika kwa saa mbili tatu. Mwagizaji wa mizigo ana nyaraka za forodha za kulinganisha na vitabu. Duka la dawa lina shida yake: dawa zina msamaha wa VAT, vipodozi kwenye rafu ya pili vinatozwa, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18. Angalia zilizomo kwenye sita za yule dada: waagizaji wawili, duka la dawa, na mteja ambaye hesabu zake hazijawahi kukubaliana na mashine.

Kwa hiyo usihesabu faili, hesabu saa. Waombe wote wanne, kwa siku tano za kazi, waandike kila jambo lililowachukua zaidi ya dakika kumi, yakiwemo maswali wanayojibu na simu wanazopokea. Waambie wazi kwamba hupimi uvivu wa mtu, unatafuta kazi zisizoandikwa popote. Katika mfano wetu dada alitoka hivi: saa 29 kwenye faili zake, 7 akijibu maswali ya wenzake, 6 kwenye vijikazi vya msimamizi mwenyewe, vile vya "dada nisaidie hiki mara moja", na 5 kwenye simu za wateja wanaomtaka yeye kwa jina. Jumla saa 47. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na zinazozidi ni saa za ziada, za kukubaliana na kulipwa mara moja na nusu. Wenzake watatu walikuwa na 31, 33 na 27.

Tazama vizuri hizo saa 18 zilizo nje ya faili. Hakuna aliyezigawa. Zilimfuata zenyewe, na sehemu kubwa ilitoka kwako. Ukiandika kwenye grupu la WhatsApp "jamani naomba mtu amalizie ya mteja fulani", atakayejibu ni yeye, kwa sababu wengine wanajua atajibu. Kazi yoyote unayoitoa iwe na jina la mtu mmoja tangu mwanzo. Majina mawili ni sawa na hakuna jina.

Sasa, kitu gani kihame kwake? Wengi humpunguzia vilivyo vyepesi, wakamwachia vigumu vyote, na hapo umemgeuza ghala la matatizo. Mimi ningetoa faili moja gumu, lile la duka la dawa, nikampa kijana mwenye saa 27. Si kwa ajili ya dada peke yake. Ofisi inahitaji mtu wa pili anayeliweza.

Kosa linalovunja mpango huu ni sentensi moja: "Ukikwama, muulize dada." Ukishaisema, faili limehama kwa jina tu. Saa zake zitarudi kwake zikiitwa maswali, tena zimekatwakatwa vipande vinavyomvurugia kazi nyingine. Maswali yaje kwako. Yale yanayomhitaji yeye kwa kweli yakusanywe, yaulizwe kwa mkupuo, tuseme saa nane mchana kwa nusu saa, basi.

Makabidhiano yenyewe yachukue kama nusu saa, mkiwa mmeketi, faili liko mezani. Mwambie kijana unachotaka kukiona mwishoni: rasimu ya ritani ambayo mauzo yake yanakubaliana na ripoti za Z za mwezi mzima, zile za mauzo ya kila siku zinazotoka kwenye mashine ya EFD, na manunuzi yenye risiti za EFD zinazosomeka, zenye TIN ya mteja wetu na VRN yake, yaani namba ya usajili wa VAT. Kisha mwekee mipaka ya uamuzi, maana hapa ndipo uwajibikaji unapokaa au unapopotea. Risiti isiyo na VRN ya mteja aikatae mwenyewe, bila kuuliza. Tofauti kati ya vitabu na ripoti za Z isiyozidi shilingi 50,000 aitafute, aandike sababu yake kwenye faili, akuonyeshe mtakapokutana. Ikizidi hapo alete siku hiyo hiyo. Na ritani haitumwi, wala namba ya malipo haiendi kwa mteja, kabla hujaiona wewe. Kiwango hicho cha fedha ni cha mfano, utaweka chako kulingana na ukubwa wa mteja. Muhimu ni mtu ajue lipi ni lake na lipi ni lako.

Halafu tarehe. Tarehe 20 ni ya TRA, ninyi hamwezi kuifanya yenu. Weka hivi: tarehe 12 risiti zote ziwe mkononi, na zilizokosekana ziwe kwenye orodha iliyokwisha kutumwa kwa mteja. Tarehe 15 mauzo yawe yamelinganishwa na kodi ya manunuzi, yaani VAT ambayo mteja alilipa aliponunua na sasa anaidai, iwe imekokotolewa. Tarehe 17 rasimu mezani kwako. Tarehe 18 mteja aambiwe kiasi, ili tarehe 19 mtume na kulipa. Kituo kizito kuliko vyote ni cha 15, na siku hiyo usiulize "unaendeleaje?" Jibu litakuwa "naendelea vizuri", kwa adabu kabisa, hata kama hajafungua faili. Sema "nionyeshe", mkae mtazame karatasi.

Hivi ndivyo kilivyoonekana kituo cha 15 katika faili la duka la dawa. Duka liliuza shilingi milioni 40 kabla ya VAT: milioni 32 za dawa na milioni 8 za vipodozi. Kodi ya manunuzi ya vipodozi ilidaiwa yote, na ni sahihi. Ya dawa haikudaiwa, sahihi pia. Lakini pango la duka, shilingi milioni 3, lilikuwa na VAT ya 540,000, na kijana aliidai yote. Pango linahudumia rafu zote mbili, kwa hiyo kinachodaiwa ni sehemu inayolingana na mauzo yanayotozwa kodi: milioni 8 kwa milioni 40, yaani asilimia 20. Hiyo ni 108,000. Alikuwa amezidisha 432,000, na kodi iliyodaiwa kupita stahili humrudia mteja na riba TRA wanapokagua.

Hapo msimamizi mpya hutamani kumrudishia dada faili. Usirudishe. Mwonyeshe kijana uwiano kwenye risiti ya pango, umwachie atafute mwenyewe gharama nyingine zinazohudumia rafu zote mbili, intaneti kwa mfano, azirekebishe, akuletee kesho. Unaweza kufanya hivyo kwa sababu leo ni tarehe 15. Kosa hilo hilo likigunduliwa tarehe 19 usiku, hutakuwa na nafasi ya kumfundisha mtu, na utajikuta unampigia dada simu akiwa kwenye mwendokasi anarudi Kimara.

Rasimu ikifika tarehe 17 usiikokotoe upya, maana ukirudia kila kitu hujagawa kazi, umeifanya mara mbili. Angalia mambo matatu: jumla ya mauzo dhidi ya ripoti za Z, risiti tano kubwa kabisa za manunuzi, na ule uwiano. Yakiwa sawa, andika jina lako kwamba umepitia. Bosi akiuliza kuhusu faili hilo, anayejibu ni wewe. Ukisema "kijana ndiye aliyekosea" mbele ya bosi au mteja, watu wako watajifunza jambo moja: kukwepa kazi ngumu, kwa kuwa ikiharibika watabaki nayo peke yao.

Kuna mazungumzo mengine usiyaruke, yale ya dada mwenyewe. Mtu aliyejenga jina lake kwa kazi nzuri akiona faili linaondoka anaweza kudhani ameshushwa. Mwite kabla hujatangaza.

"Dada, duka la dawa nataka kumkabidhi kijana mwezi huu. Wewe una saa 47, nimeziona, na nyingine zilitoka kwangu."

"Sawa, lakini mteja atakubali? Yule mama amezoea kunipigia mimi."

Wasiwasi wake una msingi. Mteja wa Dar humwamini mtu kuliko ofisi. Nendeni watatu dukani, au piga simu mkiwa pamoja, dada mwenyewe amtambulishe kijana. Mwezi wa kwanza mama atampigia bado, na jibu liwe, "Mama shikamoo, niko na mwenzangu hapa anayeshika faili lako, naomba uongee naye." Dada asijibu swali lenyewe, hata kama jibu analo mdomoni.

Zipo siku utamhitaji yeye tu, kwa mfano TRA wakileta barua ya ukaguzi wa mwagizaji mkubwa. Mpe, lakini ukimpa taja papo hapo unachomwondolea, na nani anakichukua, kwa maandishi. Usipopata cha kumwondolea, ujue timu imeelemewa, na hilo ni la kupeleka kwa bosi ukiwa na zile saa mkononi.

Mwezi wa pili pima tena siku zile zile tano. Katika mfano wetu dada alishuka hadi saa 32: faili 23, maswali 3, vijikazi 2, simu 4. Kijana alipanda hadi 35, kwa sababu faili lililomchukua dada saa 6 lilimchukua yeye 8, na mwanzoni ndivyo inavyokuwa. Saa zilizopatikana usizijaze haraka na mteja mpya. Baada ya tarehe 20 mwombe dada aandike hatua za faili la mwagizaji mmoja, ukurasa mmoja au miwili, akianzia na nyaraka ya forodha anayoifungua kwanza na tarakimu anayoilinganisha nayo. Hilo ndilo faili la pili litakalohama.