Sweta Haikutoboka, Ila Iliota Vipele

Juni ikiingia huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, mwanafunzi wa bweni havui sweta. Asubuhi ya Njombe au Makete, nje kumelala sakitu, anaingia nayo darasani, anaegemeza viwiko juu ya dawati hadi saa nane, na begi linamsugua ubavu ule ule kila siku. Wengine hulala nayo. Ninyi mnaoanza kazi ya kupima nguo, ishikeni picha hiyo kichwani kabla hamjasoma karatasi yoyote ya maabara, kwa sababu mimi sikuishika, na ilinigharimu.

Nilikuwa nimetoka kufanya kazi maabara ya kiwanda cha nguo, nikarudi Mbeya na kuanza kuwasaidia mafundi wanaofuma sare. Fundi mmoja aliniletea matokeo ya sweta ya bluu iliyoiva, ya akriliki tupu, akaniuliza: "Kaka, hii nishone oda yote?" Kwenye karatasi, mashine ya Martindale ilikuwa imeisugua mara 30,000 bila uzi hata mmoja kukatika. Nikamwambia ashone, sweta ni ngumu hiyo. Muhula haujaisha, mkuu wa shule akatuita. Sweta hazikuwa na tundu hata moja, ila mikono yote ilikuwa imeota vipele kama blanketi la zamani.

Kosa langu lilikuwa kusoma jibu la swali ambalo halikuulizwa. Martindale inachukua kipande cha duara, inakisugua juu ya kitambaa cha sufu kwa mwendo unaobadilika upande kila mara, chini ya uzito maalumu. Kwa kitambaa cha kufuma, kipimo kinaisha uzi mmoja ukikatika na tundu likatokea. Kwa hiyo namba ile inakwambia nguo itatoboka lini. Itakavyoonekana kabla ya kutoboka ni habari nyingine, na ina kipimo chake.

Vipele vinaanza hivi. Msuguano unavuta ncha za nyuzinyuzi nje ya uzi, nguo inaota manyoya. Manyoya yanajisokota, yanakuwa vitufe. Hapo ndipo nyuzi za aina mbalimbali zinapoachana njia. Kwenye sufu, unyuzi unaoshikilia kitufe ni dhaifu, unakatika, kitufe kinadondoka, na nguo inaweza kuonekana safi kuliko ilivyokuwa wiki iliyopita. Kwenye akriliki au poliesta unyuzi ni imara, haukatiki, basi kitufe kinabaki na kingine kinaota pembeni yake. Uimara ule ule uliotupa 30,000 ndio uliovishikilia vipele. Nilipolielewa hili nilijicheka peke yangu, maana ndilo nililokuwa nimelisifia kwa fundi.

Bahati nzuri nilikuwa nimebakiza sweta chache za oda ile. (Bakizeni sampuli daima, hata kama fundi ananung'unika.) Moja tukaipeleka kwenye kisanduku cha vipele. Unakata vipande vinne vya milimita 125 kwa 125, unavishona kama mikono midogo, unavivalisha mirija ya mpira, unaviweka ndani ya sanduku lililotandikwa gome la koki kwa ndani. Sanduku linazunguka mara 60 kwa dakika. Kwa nguo za kufuma sisi tulikwenda mizunguko 7,200, yaani saa mbili. Kisha unalinganisha kila kipande na picha za ngazi chini ya taa ya upande: 5 ni nguo isiyobadilika, 1 ni nguo iliyojaa vipele. Vyetu vilipata 2, 2, 2 na 2–3. Kwa sare ya kuvaliwa kila siku mimi sikubali chini ya 3–4. Sweta ya kwendea kanisani ningeiachia 3.

Kuna mtego mmoja kwenye sanduku hilo. Ukiwa na mchanganyiko wenye sufu, usifungue mwisho tu. Simamisha katikati, tazama, endelea. Vipele vinaweza kujaa katikati ya safari halafu vikadondoka, ukaandika 4 wakati mvaaji atakaa nusu muhula na ngazi ya 2.

Uzi ule ulikuwa umesokotwa kwa kulegea ili sweta iwe laini mkononi, na mashine ilikuwa imefuma macho makubwa ili uzi kidogo utoe sweta nyingi. Tulimwomba muuzaji uzi wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, fundi akabana macho. Sampuli mpya ikapata 3–4. Ilikuwa nzito zaidi, haikuwa laini kama ya kwanza, na bei ilipanda kwa sababu uzi uliongezeka. Hayo mwambieni mteja mapema. Laini, rahisi na isiyoota vipele hazikai pamoja kwenye akriliki.

Kurudi kwa nguo, yaani kupungua vipimo ikifuliwa, ndiko wageni wanakokosea hesabu. Sweta iliyokamilika hatukuikata. Tuliweka alama za uzi wa rangi nyingine. Urefu kutoka bega hadi pindo ulikuwa milimita 600. Tulifua, tukaianika imelazwa juu ya wavu, tukaiacha itulie usiku kucha ndipo tukapima: 582. Umerudi 18, gawanya kwa 600, ni asilimia 3. Baada ya kufua mara ya tatu ilikuwa 573, asilimia 4.5. Mgeni angepima mara moja tu, angeahidi 3. Nguo ya kufuma inaendelea kutulia, macho yaliyovutwa na mashine yanarudi kwenye umbo lake kila inapolowa.

Lakini sweta ya pili ya oda hiyo hiyo tuliifua tukaitundika kwenye kamba, kama wanavyofanya bwenini. Ikafika 612. Uzito wa maji uliivuta chini. Oda moja, majibu mawili yanayopingana, na yote ni kweli. Ndiyo maana karatasi isiyosema nguo ilianikwaje haina maana kwangu. Karatasi nyingine zimepima kwa mashine ya kukaushia kwa joto, na mimi sijaona bweni lenye mashine hiyo. Na pasi ya mkaa isiguse akriliki ikiwa na unyevu: joto likikutana na maji inalegea, na mkono uliovutika hivyo haurudi.

Rangi nitaisema kwa ufupi. Kipimo cha kufua kinatoa namba mbili, na watu husoma ya kwanza tu. Ya kwanza ni sweta yenyewe imepauka kiasi gani. Ya pili ni imechuja kiasi gani kwenye utepe wa vitambaa vya nyuzi mbalimbali ulioshonwa nayo. Sampuli yetu mpya ilipata 4–5 kwa kupauka, lakini kwenye mstari wa pamba 3 tu. Yaani sweta ingebaki bluu, na shati jeupe lililofuliwa nayo ndoo moja lingekuwa na rangi ya anga. Tuliurudisha uzi kwa muuzaji ausuuze upya, kwa sababu rangi iliyozidi ilikuwa haijaondolewa. Ulirudi ukiwa 4, fundi akaanza kufuma.